Kabla ya Kukubali Mkanda au Gesi ya Retina, Taja Kwanza Unakoishi

Retina, utando wa ndani unaopokea mwanga, ikibanduka kutoka ukuta wa nyuma wa jicho, muda wa kufikiri huwa mfupi, hasa iwapo sehemu ya katikati, ile tunayosomea na kutambulia nyuso, bado imeshika. Hapo upasuaji ni wa leo au kesho, si wa baada ya mchango kukamilika. Nenda na mtu wa kukusindikiza. Beba dawa zote unazotumia. Usile iwapo umeambiwa utapigwa nusu kaputi. Uliza mapema bima italipa kiasi gani. Hayo hayahitaji maelezo marefu, na mengi utaambiwa na wauguzi. Ninayotaka uyazingatie ni maswali ambayo huenda usiulizwe, nawe ukayanyamazia kwa kudhani hayamhusu daktari.

Kwanza, elewa unachopewa. Mara nyingi retina hubanduka kwa sababu imepasuka mahali, na maji ya ndani ya jicho yakapita kwenye tundu hilo na kuingia nyuma yake. Kazi yote ni kuliziba tundu. Kwa njia ya mkanda, daktari hushona kipande cha silikoni juu ya ukuta mweupe wa jicho, kwa nje, chini ya ngozi nyembamba inayoufunika, nacho husukuma ukuta uingie ndani kidogo mpaka ukutane na retina pale ilipopasuka. Mkanda hauonekani na kwa kawaida hukaa humo maisha yote. Kwa njia ya gesi, daktari hugandisha kingo za tundu kwa baridi kali au huzichoma kwa leza, kisha hudunga gesi kidogo ndani ya jicho. Gesi hupanda juu ya maji, kwa hiyo mgonjwa akikiweka kichwa sawasawa, kiputo hulikandamiza tundu hadi kovu lishike. Ziko aina mbili zinazotumika sana: SF6, ambayo hutiwa takriban nusu mililita, huongezeka maradufu kwa siku moja au mbili na huisha baada ya wiki mbili hivi, na C3F8, ambayo hutiwa 0.3 ya mililita, huongezeka mara nne kwa muda wa siku tatu na huweza kukaa wiki sita hadi nane.

Uliza tundu liko wapi, na umtake daktari alitaje kwa saa, jinsi wao wenyewe wanavyoandika kwenye mchoro wa jicho. Tundu moja, au machache yaliyokaribiana, yakiwa juu kati ya saa nane na saa nne za mchoro huo kwa kupitia saa kumi na mbili, yanafaa kwa gesi. Tundu la chini halifai, kwa sababu kiputo hakizami, na hakuna mtu wa kuning'inia kichwa chini kwa wiki nzima. Mkanda haujali juu wala chini. Uliza pia kama ute wa ndani ya jicho umekwisha kujitenga na retina. Kwa kijana, mathalani mwanafunzi mwenye miwani ya nambari kubwa asiyeona mbali, au aliyepigwa mpira jichoni na retina ikang'oka ukingoni, ute huo huwa bado mzito na umeshikamana. Kiputo kikiusukuma unaweza kuivuta retina na kutoboa tundu jipya, ndiyo maana vijana wengi wa namna hiyo hushonewa mkanda. Gesi humfaa zaidi mtu wa makamo ambaye ute umeshajitenga, lenzi yake ya asili ni safi na shingo yake ni nzima. Mwenye glakoma kali, mwenye makovu yanayovuta retina, au asiyeweza kukaa katika mkao mmoja kwa siku kadhaa, asiikubali gesi kwa sababu tu ni nafuu na ya haraka.

Maana kweli ni ya haraka. Hufanywa kwa ganzi ya jicho tu, na mgonjwa hutoka akitembea. Mkanda huchukua saa moja au mbili na jicho huuma na kuvimba zaidi. Hata hivyo, kati ya wagonjwa kumi wa gesi, wawili au watatu huhitaji kurudi kwa matengenezo mengine, ilhali mkanda hufaulu mara ya kwanza kwa wengi zaidi.

Sasa nifike pale ninapotaka usimame. Shemeji yangu anaishi Timboroa. Alikuwa na umri wa miaka 54 retina ya jicho lake la kulia ilipobanduka upande wa juu. Tundu lilikuwa moja, saa kumi na moja, ute ulikuwa umejitenga, na sehemu ya katikati ilikuwa bado imeshika. Kwa kila kipimo cha jicho alikuwa mgonjwa wa gesi, na daktari wa Kisumu aliyemtia C3F8 hakukosea katika kusoma jicho. Alimwagiza aketi wima na kukilaza kichwa kuelekea bega la kushoto ili tundu liwe juu kabisa, naye akatii kama askari. Siku ya tatu alipimwa, retina ilikuwa imekaa, akaruhusiwa. Hakuna aliyemuuliza nyumbani ni wapi. Kwenye fomu palikuwa na nambari ya simu na jina la kaunti, basi.

Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Timboroa ni zaidi ya mita 2,700. Kadiri mtu anavyopanda, hewa ya nje hupungua uzito, na gesi yoyote iliyofungiwa hutanuka. Kati ya miji hiyo miwili, kiputo hutanuka kwa zaidi ya sehemu moja ya tano. Siku hiyo ya tatu ndiyo pia siku ambayo C3F8 huwa imefikia ukubwa wake wa juu, yaani zaidi ya mililita moja, ndani ya chumba chenye nafasi ya mililita nne hivi ambacho kuta zake hazitanuki. Kwa hiyo kinachopanda ni presha.

Matatu ilipokuwa ikipita Ahero na Awasi, kule tambarare, alikuwa akizungumza. Walipoanza kuukwea mlima kuelekea Kericho alinyamaza. Baada ya Kericho alisema nyusi inamuuma, kisha kichwa upande mmoja, kisha akaomba mfuko wa plastiki akatapika. Abiria wakasema ni kona za barabara, mama mmoja akampa ndimu anuse. Mau Summit aliniambia kwa simu kwamba taa za magari zina duara za rangi. Alipofika Timboroa jioni wakamlaza chali apumzike, jambo ambalo mwenye kiputo hapaswi kulifanya, kwa kuwa gesi huja mbele ikaisukuma lenzi na kuweza kuziba njia ya maji ya jicho. Saa mbili usiku jicho halikuona hata tochi. Tulipompata daktari kwenye simu hakuuliza mengi. Alisema, "Mteremsheni, usiku huu huu, Nakuru ni karibu kuliko Kisumu, na asilale." Nakuru iko takriban mita 1,850, kwa hiyo kufika tu kulimpunguzia maumivu. Presha ya jicho ilipopimwa bado ilikuwa 44, ilhali ya kawaida haizidi 21. Alitiwa matone, akapewa vidonge vya asetazolamidi, kisha daktari wa zamu akachomoa gesi kidogo kwa sindano nyembamba. Mwanga ulirudi. Retina haikubanduka tena. Ila mshipa wa fahamu wa jicho ulikuwa umekwisha kuumia, na upande wa chini wa uoni wake umebaki na giza. Huona bakuli la uji mezani anapoinamisha uso tu.

Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, sema kwa sauti: ninaishi mahali fulani, na njia ya kwenda kwetu inapita mahali fulani. Taja kilele cha njia, si mwisho wake tu. Anayetibiwa Nairobi na kurudi Kisumu hudhani anateremka, na kweli anateremka, lakini kwanza atapanda Limuru na baadaye Mau Summit. Ndege kati ya Kisumu na Nairobi haina nafuu yoyote, kwa sababu hewa ya ndani yake huweza kuwa sawa na ya mlima wa mita 2,400. Mkazi wa Timboroa, Molo au Londiani anayetibiwa Kisumu ana njia tatu za kumwuliza daktari. Ya kwanza ni mkanda usioongezewa gesi, nawe uliza waziwazi, maana baadhi ya madaktari hutia kiputo kidogo juu ya mkanda. Ya pili ni SF6 badala ya C3F8, pamoja na ndugu wa Kondele au Ahero atakayekuhifadhi wiki mbili au zaidi hadi kiputo kiishe. Ya tatu ni kutafuta matibabu karibu na kimo cha kwenu, kwa mfano Eldoret, kwa kuwa gesi iliyotanukia juu haina safari kubwa ya kutanuka tena. Mwenye nyumba yake Kisumu, asiyesafiri, hana haja ya kuikimbia gesi kwa ajili ya kisa hiki.

Kujua kama kiputo kimeisha si kazi ngumu. Ukiketi wima utaona mstari unaocheza mbele ya jicho kama maji ndani ya pima maji ya fundi, nao hushuka siku hadi siku, kisha hubaki duara dogo jeusi chini, kisha hupotea. Hata ukiacha kuliona, pimwa kwanza ndipo upande gari.

Mengine ni haya. Ukiwa na gesi, kila mhudumu wa nusu kaputi aambiwe, hata kama unapelekwa kujifungua au umegongwa na bodaboda, kwa sababu gesi ya naitrasi oksaidi hukijaza kiputo kwa dakika chache. Vaa utepe mkononi ulioandikwa hivyo. Aliyeshonewa mkanda asikimbilie miwani mpya, kwa kuwa mkanda hulirefusha jicho na nambari hubadilika, mara nyingi kwa dayopta moja hadi tatu upande wa kutoona mbali, na huchukua miezi michache kutulia. Kuona vitu viwili viwili wiki za mwanzo hutokea. Jicho likianza kutoa usaha au silikoni ikichungulia, hata baada ya miaka, rudi. Kivuli kikirudi, rudi siku hiyo hiyo. Na usiondoke kliniki kabla jicho la pili halijapanuliwa kwa dawa na kuchunguzwa hadi ukingoni, kwa kuwa tundu lililoonekana mapema huko huzibwa kwa leza tu, bila mkanda wala gesi.