SOMO: Mfanyakazi kalipwa mshahara uliozidi, barua ya kumkata kidogokidogo inaandikwaje

Habari za mchana wanajukwaa. Juzi kuna ndugu wa hapa Tanga, ana duka la vifaa vya ujenzi kule Ngamiani, kaniletea barua aliyotaka kumpa stoo kipa wake, nikamwambia hii usimpe mtu, utapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, bure. Basi nimeona niweke somo kabisa kwa sababu haya mambo yapo sana kwenye ofisi ndogo ambazo mishahara inapigwa Ekseli, mtu ananakili shiti ya mwezi uliopita anabadilisha tarehe tu.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Stoo kipa ana mshahara wa 600,000. Bosi wake alienda likizo ya uzazi, akakaimu, akawekewa posho ya kukaimu 100,000 kwa mwezi. Kukaimu kuliisha tarehe 31 Januari lakini posho hakuna aliyeitoa, ikaenda Februari, Machi, Aprili na Mei. Barua ikasema: "Unadaiwa 400,000, zitakatwa zote mshahara wa Juni." Yani mtu abaki na laki moja na kidogo, alipe kodi ya chumba ale nini?

HATUA YA 1: Tafuta deni la kweli, na hapa ndo wengi wanapokosea. 400,000 ni ya kwenye grosi, hajaishika yote. Chukua salari slipu ya mwezi wa kawaida na ya mwezi wenye posho uziweke pamoja. Kwa viwango vya Paye vilivyoanza Julai 2021 inakuja hivi:

Bila posho: 600,000 toa NSSF 60,000 inabaki 540,000, Paye yake 24,000, anaondoka na 516,000.

Na posho: 700,000 toa NSSF 70,000 inabaki 630,000, Paye yake 42,000, anaondoka na 588,000.

Tofauti iliyoingia mfukoni ni 72,000 kwa mwezi, mara miezi minne 288,000. Hilo ndo deni lake. Ile 112,000 nyingine ilienda NSSF na TRA, na kama ofisi inaitaka basi ofisi ndo ikafuatilie huko kurekebisha ritani zake, sio kumbebesha stoo kipa.

HATUA YA 2: Mwite kabla ya barua. Mkae, umuoneshe slipu zote nne, umuulize ana makato gani mengine, maana unaweza kupanga hesabu nzuri kumbe mtu ana saccos na mkopo wa benki anabakiwa na laki mbili. Yule stoo kipa alisema elfu 24 kwa mwezi anaiweza, tukagawa 288,000 kwa 12 ikakaa sawa bila mabaki.

HATUA YA 3: Barua. Isiwe na lugha ya onyo, hajaiba huyu. Niliyomwandikia yule ndugu ni hii, badilisheni zenu:

"Ndugu ..........,

YAH: MALIPO YALIYOZIDI, FEBRUARI HADI MEI

Rejea mazungumzo yetu ya tarehe .......... Posho yako ya kukaimu ilipaswa kusimama tarehe 31 Januari, lakini kwa makosa ya ofisi katika kuandaa mishahara iliendelea kulipwa kwa miezi minne. Kosa hili si lako na barua hii si ya kinidhamu.

Kiasi kilichokufikia zaidi ya stahili yako ni Sh 72,000 kwa mwezi, jumla Sh 288,000. Mchanganuo wa kila mwezi umeambatishwa.

Tunapendekeza urejeshe kwa makato ya Sh 24,000 kila mwezi kwa miezi 12, kuanzia mshahara wa Julai. Hakuna riba. Kama huafiki kiasi, hesabu au muda, tafadhali tujulishe kwa maandishi ndani ya siku 14. Makato hayataanza kabla ya kupata jibu lako."

Chini weka sehemu ya mfanyakazi: nimesoma, nakubali kukatwa Sh .... kwa miezi ...., jina, saini, tarehe. Nakala mbili, moja aondoke nayo.

Hiyo saini msiidharau. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, inamkataza mwajiri kukata mshahara hovyo, deni unalikata kama mfanyakazi kakubali kwa maandishi. Kifungu hichohicho kinaruhusu mfanyakazi arudishe malipo yaliyozidi kwa sababu ya kukosea hesabu. Kwa hiyo haki ya kudai unayo, ila usijichukulie tu kwa vile shiti ya mshahara unaishika wewe.

HATUA YA 4: Kwenye slipu makato yakae chini, baada ya NSSF na Paye, yaandikwe "marejesho ya malipo yaliyozidi" na salio lionekane: 264,000, mwezi unaofuata 240,000, hivyohivyo. Mtu akiona salio linashuka hakuji mlangoni kwako kila tarehe 30.

MASWALI

Mpemba wa Chumbageni: Dada shukrani. Mi huwa napunguza kwenye grosi, 400,000 gawa kwa 12, si kodi inajirekebisha yenyewe?

Jibu: Kaka, inaonekana hivyo ila jaribu na huyuhuyu. Ukitoa 33,333 kwenye grosi, baada ya NSSF anabaki na 510,000, ameshuka chini ya 520,000, pale asilimia ya kodi ni 8 sio 20 tena. Teki-homu inakuwa 490,800, yani amepungukiwa 25,200 badala ya 24,000. Kwa mwaka umemla 14,400 na wala hujui.

Mama Zai, Pongwe: Na kama alijua anazidishiwa akanyamaza makusudi? Maana wengine wajanja hao.

Jibu: Mama Zai, deni linabaki lilelile 288,000. Kama una ushahidi alijua, hilo la nidhamu lifungulie barua yake na utaratibu wake. Ukichanganya kwenye barua moja hatasaini, na hapo hata pesa umeikosa.

Kijana wa mkonge: Shikamoo dada. Mi ni mfanyakazi, nilikatwa 350,000 mwezi mmoja, sikupewa barua wala kuulizwa, nikienda uhasibu naambiwa ulizidishiwa mwaka jana. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Andika barua fupi uombe mchanganuo mwezi kwa mwezi na hayo makubaliano uliyosaini kama yapo, baki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Wakikukalia kimya nenda CMA hapa Tanga ujaze fomu namba 1. Angalia tarehe tu, madai ya namna hii yana siku 60 toka mgogoro ulipotokea, wewe ulikatwa lini?

Kijana wa mkonge: Mwezi jana tarehe 28.

Jibu: Basi muda unao. Barua ipeleke wiki hii hii, na slipu ya mwezi huo na ule wa kabla yake zitoe kopi.

Fundi Raskazone: Akiacha kazi kabla hajamaliza je?

Jibu: Ongeza sentensi kwenye ile sehemu anayosaini, kwamba akiondoka salio litatolewa kwenye stahili zake za mwisho. Aisome akiwa bado yupo, ukimletea siku anaondoka hasaini.