Picha imejaa viboksi baada ya kuforwadiwa sana? Pima gridi kwanza ndo uguse filta

Binamu yangu alinitumia picha ya marehemu babu, anataka kuiprinti kwa ajili ya arobaini. Picha yenyewe imezunguka kwenye magrupu ya ukoo miaka na miaka, uso umekuwa viboksi viboksi na pembeni ya kofia kumejaa vidoti vichafu. Alikuwa keshapitisha filta za kuondoa viboksi na hakuna kilichobadilika, picha inazidi tu kuwa na ukungu. Filta hazikuwa na kosa, ila alichokuwa nacho ni skrinshoti ya picha, na hapo ndo watu wengi wanakwama, kwa hiyo sehemu hiyo nitaieleza kwa kirefu na nyingine nitapita haraka. Natumia GIMP na ffmpeg, zote za bure.

1. Tafuta kopi iliyo bora

Kabla ya kusafisha chochote waombe ndugu wote waliowahi kuwa na hiyo picha wakutumie, tena waitume kama dokyumenti, isipite kwenye kubanwa tena. Ukishazikusanya kwenye folda moja na una ImageMagick, andika hivi:

```
identify -format "%f %wx%h %Q\n" *.jpg
```

Namba ya mwisho ni makadirio ya kwoliti ya JPEG, na usiiamini peke yake. Inasoma sevu ya mwisho tu. Picha iliyobanwa vibaya kwa kwoliti 40 halafu mtu akaisevu upya kwa 95 itakuonyesha 95, na faili litakuwa kubwa, lakini viboksi viko vilevile ndani yake. Zifungue zote, zuum mpaka 400%, angalia jicho na mdomo, chagua kwa macho.

2. Pima gridi (usiruke hii)

JPEG inaikata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8, halafu kila kipande kinabanwa kivyake bila kujali jirani yake. Ndo maana ikibanwa sana mipaka ya vipande inaonekana. Sasa filta nyingi za kuondoa viboksi zinalainisha kwenye mistari ya kila pikseli 8 tu, haziendi kuitafuta mipaka ilipo. Picha ikishakuzwa au kupunguzwa saizi, mipaka imehama, filta inalainisha mahali pasipo na tatizo na kuacha penye tatizo.

Kwa hiyo fungua picha kwenye GIMP. Kama ni skrinshoti, kata kwanza yale maneno ya juu na chini ya simu, ukate palepale picha inapoanzia. Ya babu baada ya kukata ilikuwa 1080 kwa 810. Nenda `Image > Configure Grid`, weka nafasi 8 kwa 8, halafu `View > Show Grid`. Kama mistari inakaa juu ya mipaka ya viboksi kuanzia kona ya juu kushoto mpaka kona ya chini kulia, una bahati, eksipoti PNG kisha ruka mpaka hatua ya 4. Kama inaanza vizuri halafu inaachana kadiri unavyokwenda kulia, picha imebadilishwa saizi na lazima upime.

Kupima: dupliketi leya, iondolee rangi kwa `Colors > Desaturate`, halafu kwenye `Colors > Levels` sogeza vishale viwili vya pembeni vikaribiane mpaka viboksi vijitokeze. Kuondoa rangi ni lazima, kwa sababu JPEG nyingi zinahifadhi rangi kwa nusu ya ukubwa, viboksi vya rangi vinakuwa na upana mara mbili, na ukipima hivyo hesabu yote inaharibika. Tafuta sehemu tulivu kama ukuta au anga, usoni usipimie. Usipime kiboksi kimoja, hutapata namba ya maana. Hesabu viboksi 20 mfululizo kisha pima umbali wote kwa kifaa cha `Measure`.

Kwa babu, viboksi 20 vilichukua pikseli 216, yaani kila kimoja 10.8 badala ya 8. Viboksi 20 vya asili ni pikseli 160. Kwa hiyo 160 gawanya kwa 216, zidisha kwa 1080, unapata 800. Picha ilibanwa ikiwa 800 kwa 600, simu ikaikuza ijaze skrini, mtu akapiga skrinshoti. Ukipata namba kama 797 au 803 jaribu 800 kwanza, maana saizi za namna hiyo ni za kawaida (640, 720, 960, 1024, 1280 pia zinatokea sana).

3. Irudishe kwenye saizi yake

Futa ile leya ya kupimia, halafu `Image > Scale Image`, weka 800 kwa 600, Interpolation chagua `Cubic`. Washa gridi tena uangalie kona zote mbili. Ikiwa mistari imepishana na viboksi kwa kiasi kilekile picha nzima, saizi ni sahihi ila kuna mtu aliikropu, basi cheza na Offset kwenye Configure Grid mpaka zikutane, halafu kata pikseli hizo kushoto na juu ili kiboksi kizima kianzie kwenye kona. Unaweza kuona na gridi ya pili iliyofifia ya sevu nyingine, iache, shughulika na ile yenye nguvu. Eksipoti PNG. Usieksipoti JPEG hapa kabisa.

4. Ondoa viboksi

```
ffmpeg -i babu.png -vf "format=yuv444p,deblock=filter=strong:block=8:alpha=0.12:beta=0.07" babu2.png
```

`alpha` ndo nguvu. Panda kidogo kidogo, na ukiona nyusi na ndevu zinayeyuka rudi chini. Mimi naacha viboksi viwili vitatu vionekane kwenye ukuta kuliko kupoteza mikunjo ya uso wa mzee.

5. Madoa ya rangi

Yale mabaka ya kijani na pinki kwenye ngozi: dupliketi leya, `Gaussian Blur` ya 5 hivi, kisha mode ya leya iwe `LCh Color`. Rangi inalainika, mwanga na mistari inabaki mikali. Kama rangi inavuja nje ya mdomo au nguo, punguza.

6. Vidoti kwenye kingo

Fleteni leya, idupliketi, `Selective Gaussian Blur`, radius 3, Max. delta kati ya 0.05 na 0.1. Weka leya maski nyeusi, halafu paka brashi nyeupe laini pembeni ya kofia na kola tu. Kuipitisha picha nzima kunamfanya mtu awe na ngozi ya plastiki. Mwisho fleteni tena, kisha ongeza `RGB Noise` ya 0.02 hivi, toa tiki kwenye Independent RGB, uso uwe na chembechembe tena na usionekane umepakwa.

7. Sevu

Weka XCF na PNG. Studio wakitaka JPEG, eksipoti mara moja tu, kwoliti 95, subsampling 4:4:4, na uitume kama dokyumenti. Ya babu tuliprinti inchi 5 kwa upana, ambayo kwa pikseli 800 ni 160 kwa inchi, ikatoka safi. A4 nilimkatalia binamu, maana kope na mistari ya macho vilishafutwa na kubanwa na hakuna filta ya kuvirudisha, kwenye A4 pengo hilo lingeonekana wazi.