Kikuba kwa rafiki anayepanda jukwaani

Rafiki yako anapiga fidla katika taarabu ya Jumamosi usiku, Ngome Kongwe. Zawadi ninayoipenda mimi ni kikuba, kishada cha maua ya kunukia cha kubana kwenye nguo, kilichofungwa siku ileile, kwa sababu atakwenda nacho jukwaani.

Kwanza muulize kama harufu kali humsumbua, na atavaa nini. Siku moja kabla, waagizie wauza maua asumini, mrehani, waridi na mkadi.

Pili, asumini. Taka vitumba vilivyochumwa alasiri, vyeupe, virefu, bado vimefumba. Kilicho kibichi cha kijani hakitafunguka, na kilichokwisha kufunguka saa kumi kitanyauka kabla taarabu haijakolea. Vifunge katika jani la mgomba ulilolinyunyizia maji kidogo, ukaweke mahali pa baridi. Usivioshe wala usivishikeshike: palipominywa huwa kahawia.

Tatu, baada ya magharibi tunga vitumba kwa sindano nyembamba na uzi, ukipitisha chini ya kitumba, kwenye kikonyo. Panga mrehani nyuma, vipande vya mkadi juu yake, waridi katikati na asumini mbele. Funga vikonyo kwa uzi, kisha vikate viwe sawa. Kisizidi kiganja, kikubwa huvuta nguo.

Nne, pahala pa kukibana. Fidla hukaa bega la kushoto, kwa hivyo kikuba chake kiwe kulia, na pini ipite kwenye nguo yenyewe, si mtandio peke yake. Mpelekee kabla hajaanza kulinganisha nyuzi. Asumini itafunguka akiwa anapiga.

MASWALI

*Rafiki yangu anapiga udi. Nimbanie wapi?*
Juu upande wa kushoto, bibi. Tumbo la udi hukaa kulia kifuani na lingelikiponda kikuba.

*Je, nikamtunze fedha pia?*
Tunza kwa kawaida humwendea mwimbaji wakati wa wimbo, kwa hivyo mpigaji huweza kukosa. Vikundi vingine hukusanya fedha zote pamoja, basi uliza mapema. Ukitaka rafiki yako apate chake peke yake, mpe kwenye bahasha baada ya onyesho. Ukitaka kumtunza mwimbaji, vunja noti kabla ya kuingia, na usiinuke wakati wa bashrafu, maana hapo hakuna anayeimba.

*Kaka yangu naye anapiga udi, nataka kumnunulia nyuzi mpya.*
Zawadi nzuri sana, lakini mpe wiki moja kabla au zaidi. Udi wa kawaida una nyuzi 11, jozi 5 na uzi mmoja mzito, na nyuzi mpya huendelea kuvutika siku kadhaa. Zikifungwa asubuhi ya onyesho, sauti itashuka katikati ya wimbo. Kabla hujanunua, mwombe akuonyeshe pakiti ya nyuzi anazotumia, kwani unene na urefu hutofautiana.