Paka mzee anayesogea hadi kwenye sahani kisha anarudi: mwongozo wa kumtunza nyumbani

Kazi yangu ya kila siku ni mbuzi, nguruwe na kuku wa vilima vya Bukavu, na paka huletwa kwangu mara chache, hasa wakati wa chanjo ya kichaa cha mbwa. Mwongozo huu umetokana na paka mmoja wa Kadutu, jike anayeitwa Kadogo, ambaye mfugaji wake, jirani ninayemwita mama mkubwa, anaujua umri wake bila kubahatisha: alichukuliwa akiwa mtoto mwaka uleule mjukuu wa kwanza alipozaliwa, na mjukuu huyo sasa ana miaka 16. Nilipoitwa, mama mkubwa aliniambia, «Mwanangu, huyu amechoka kuishi, hali tena.» Kadogo alikuwa hajachoka kuishi. Viungo vilikuwa vinamuuma, na sisi tulikuwa tumemwekea chakula mahali asipoweza kufika.

Hatua ya kwanza: mpime uzito, kisha mtazame siku nzima bila kumgusa

Tumia mizani ya kuning'iniza ambayo wauzaji wa maharagwe wanayo. Mweke paka ndani ya kikapu chenye kitambaa, pima, kisha toa uzito wa kikapu. Kadogo na kikapu walikuwa kilo 3.4, kikapu peke yake kilo 0.4, kwa hiyo yeye alikuwa kilo 3. Katika daftari langu la chanjo iliyotangulia alikuwa kilo 3.5. Amepoteza nusu kilo, yaani sehemu moja ya saba ya mwili wake, jambo ambalo manyoya yalikuwa yanalificha.

Halafu mtazame. Mbuzi akiumwa goti huchechemea na kila mtu huona, lakini paka mwenye baridi yabisi mara nyingi hachechemei, kwa kuwa maumivu yako pande zote mbili naye hupunguza tu mambo anayofanya. Utafiti wa picha za eksirei uliochapishwa mwaka 2002, uliohusu paka 100 wenye zaidi ya miaka 12, ulikuta dalili za viungo kuchakaa kwa 90 kati yao. Kwa hiyo kwa paka wa umri huu uanze kwa kudhani kwamba viungo vinauma, hadi uone vinginevyo. Dalili ni hizi: anasimama chini ya kiti na kukitazama kabla ya kuruka, au harukii tena, manyoya ya mgongoni na ya kiunoni yamesokotana kwa sababu hawezi kujipinda ajilambe, anakojoa kando ya chombo chake badala ya ndani, anakasirika ukimshika nyonga.

Hatua ya pili: ondoa vizuizi vya nyumba

Nyumba nyingi za Kadutu zimejengwa kwenye mteremko, na jikoni huwa chini ya ngazi. Weka maji, chakula, choo na malalo kwenye usawa mmoja, chumba kimoja ikiwezekana. Kwa kiti anachokipenda, jenga vidaraja vya matofali au vibao, kila kimoja kisizidi sentimita 15, na juu yake funga gunia ili kucha zishike. Sakafu ya saruji iliyolainishwa huteleza, kwa hiyo tandika vipande vya mkeka kwenye njia anayopita.

Choo kizuri hupatikana kwa kukata bidoni ya njano ya lita 20 kwa urefu wake, ukiacha upande mmoja wa kuingilia wenye kimo cha sentimita 5 tu na kulainisha makali kwa moto. Jaza mchanga au unga wa mbao. Sipendi majivu ya makala ambayo wengi hutumia: yakilowa huchoma ngozi ya nyayo, na paka akishaumia huko hakirudii chombo hicho.

Hatua ya tatu: chakula

Hapa ndipo nilipopoteza jioni mbili. Jioni ya kwanza nilimjaribia Kadogo nyama ya ng'ombe iliyokatwa vidogo, samaki wadogo wa sambaza wa kuchemsha, na mchuzi mtupu. Ya pili nilileta ini. Kila mara alikuja hadi ukingo wa ngazi, akaitazama sahani iliyokuwa vidaraja vitatu chini karibu na mbabula ya kupikia, akakaa, kisha akageuka. Nami nilikuwa nikiandika katika daftari «hana hamu». Ni mjukuu aliyeibeba sahani hadi juu, kwa kuwa ilikuwa njiani mwake, ndipo paka akaanza kula sambaza baridi wa jana yake.

Tangu siku hiyo sibadilishi chakula kabla ya kutazama namna paka anavyokiacha, kwa sababu kila namna ina sababu yake.

Paka anayekuja akasita mbali na sahani, au anayeanza kula kisha akalala chini baada ya kumeza mara chache, mara nyingi anazuiwa na viungo. Kuinamisha shingo hadi sakafuni na kuegemeza uzito wote kwenye viwiko humuumiza. Inua sahani kwa sentimita 8 hadi 10. Sufuria ndogo iliyopinduliwa inatosha. Tumia sahani pana na bapa, si bakuli refu.

Paka anayekimbilia chakula, akakitia mdomoni kisha akakiangusha, au anayeinamisha kichwa upande mmoja akitafuna, anaumwa jino. Inua mdomo wake kidogo kwa kidole gumba: ufizi mwekundu uliovimba na harufu ya uvundo vinatosha kukupeleka kwa daktari wa mifugo. Chakula laini kitamsaidia kwa siku chache, lakini jino lililooza hung'olewa, halibembelezwi.

Paka anayenusa, akalamba midomo akimeza mate, kisha akaugeuza uso, ana kichefuchefu. Kama pia anakunywa maji mengi kuliko zamani na madimbwi ya mkojo yamekuwa makubwa, fikiria figo kwanza. Na yule anayekula sana, anayelia usiku akitaka tena, huku anakonda, usimfurahie: tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi huwaletea paka wazee hali hiyohiyo, na vipimo vya damu ndivyo vinavyoithibitisha.

Kadogo alikuwa wa kundi la kwanza. Baada ya kuinua sahani, tulipanga chakula hivi. Paka wa kilo 3 huhitaji takriban gramu 100 hadi 130 za nyama au samaki aliyechemshwa kwa siku, na mzee hawezi kuzimaliza kwa mara moja, kwa hiyo tulizigawa katika milo minne midogo. Kipashe chakula moto hadi kiwe vuguvugu kama mwili wake, kwa sababu pua ya mzee hunusa hafifu na joto hupandisha harufu. Kijaribu kwa kidole, kisikuchome. Sambaza wabichi wa ziwani huchemshwa bila chumvi. Samaki wa chumvi waache, na usitumie mchuzi wenye vitunguu, vitunguu saumu au kube za viungo: vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka hata vikiwa vimepikwa. Fufu iliyolowekwa mchuzi hujaza tumbo bila kumlisha, kwa kuwa paka huhitaji kiini kiitwacho taurini ambacho mimea haina. Ukiwa na uwezo, changanya kijiko cha chakula cha paka cha kopo kila siku, kwa sababu nyama tupu ina upungufu wa kalsiamu.

Kuhusu ini nina neno refu kidogo, kwani ndilo kila nyumba hukimbilia paka anapokataa kula. Ini lina vitamini A nyingi, na paka anayelishwa ini kila siku kwa miezi huota mifupa ya ziada kwenye uti wa shingo, hadi pingili hushikana na kichwa hakigeuki. Yaani ukimbembeleza mwenye viungo vibovu kwa ini la kila siku, unamwongezea ugonjwa uleule. Kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, mara moja kwa wiki, kinatosha.

Usimlishe kwa nguvu kwa kijiko, na usifiche dawa ndani ya chakula anachokipenda, la sivyo atakikataa hata siku kisipokuwa na dawa. Akikaa saa 24 bila kuweka chochote mdomoni, mtafute daktari wa mifugo. Zikifika siku mbili au tatu, mafuta ya mwili huanza kujaa kwenye ini na kuliziba, na hapo unatibu magonjwa mawili.

Hatua ya nne: joto

Usiku wa Bukavu ni wa baridi, na majira ya mvua huingiza unyevu ndani ya kuta. Mpe sanduku la mbao lililoinuliwa kidogo kutoka sakafuni, lenye blanketi nene. Jaza chupa maji ya moto yasiyochemka, izungushie kitenge mara mbili, iweke upande mmoja tu wa sanduku ili aweze kusogea. Usiache mbabula yenye makala chumbani kwa ajili yake. Moshi wake usioonekana huua paka na watu wa nyumba pamoja.

Hatua ya tano: dawa za kutuliza maumivu

Parasetamoli ni sumu kwa paka. Ini lake halina kimeng'enya cha kutosha cha kuivunja, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua: ufizi hugeuka rangi ya kahawia, uso na miguu huvimba, pumzi hukatika. Ibuprofeni na diklofenaki za farmasi nazo zisimguse.

Meloksikamu hutumiwa kwa paka, lakini angalia hesabu. Kipimo cha kila siku kinachotumika baada ya siku ya kwanza ni miligramu 0.05 kwa kila kilo, hivyo Kadogo wa kilo 3 anahitaji miligramu 0.15. Kidonge kidogo cha binadamu kina miligramu 7.5, yaani mara 50 ya kipimo chake, na hakuna kisu kinachogawa kidonge hivyo. Dawa ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya paka ndiyo ya kutumia, kwa agizo la daktari aliyepima figo kwanza, na paka akiacha kula au akitapika, dawa husimama siku hiyohiyo.

Hatua ya sita: kucha na manyoya

Kila baada ya wiki mbili au tatu kata ncha tu za kucha. Za mzee hujikunja hadi kuchoma nyayo. Chana manyoya akiwa amelala, bila kumgeuza.

Hatua ya saba: ratiba

Milo ya Kadogo ni saa kumi na mbili asubuhi, saa sita, saa kumi na moja jioni na kabla ya kulala, na chupa ya moto hujazwa pamoja na mlo wa mwisho. Kila Jumamosi anapimwa kwa kikapu kilekile. Baada ya wiki tatu alikuwa kilo 3.1, baada ya wiki sita kilo 3.2. Mama mkubwa huandika kwa penseli kwenye kalenda ya mlangoni, na uzito ukishuka Jumamosi mbili mfululizo, hunipigia simu kabla ya kumbadilishia sahani.