Kupanga volti za kukata na kurudisha mzigo kwenye betri ya asidi

Chaji kontrola nyingi hutoka kiwandani zikiwa na LVD (volti ya kukata mzigo) karibu 11.1. Kwa betri ya asidi hapo ni chini mno. Lakini ukiipandisha kwa kukisia, friji itazimika wakati betri bado ina zaidi ya nusu ya umeme wake. Chanzo ni kwamba betri inayotoa umeme husoma volti ndogo kuliko ikiwa imetulia, kwa hiyo kipimo kianze na mzigo wako mwenyewe.

Tuchukue betri ya volti 12, Ah 100, yenye friji na taa zinazovuta ampea 10 kwa pamoja.

Hatua ya 1. Betri ikiwa imejaa, zima paneli na uache mzigo ufanye kazi kama saa 5. Kisha zima kila kitu, uiache itulie saa chache. Ikisoma karibu 12.2, imebaki na nusu, na hapo ndipo ninapotaka kukata.

Hatua ya 2. Washa mzigo tena, subiri dakika 10, kisha pima kwa multimita kwenye ncha za betri, halafu kwenye kontrola. Tuseme betri inasoma 11.9 na kontrola 11.7. Hiyo 0.2 imepotea kwenye waya. Mita 2 za waya wa milimita 4 za mraba, kwenda na kurudi, zinatosha kuipoteza. Kontrola huona volti zake tu, kwa hiyo weka LVD 11.7. Waya mnene zaidi utapunguza tofauti hiyo.

Hapa pana mtego. Friji ikizimwa na kubaki taa za ampea 1, volti hazishuki sana, na kufika 11.7 maana yake betri inakaribia kuisha. Kwa hiyo pima kwa mzigo unaokaa muda mrefu zaidi. Mshtuko wa kompresa inapoanza usikufanye ushushe LVD. Kama kontrola ina muda wa kuchelewa kukata, weka sekunde 30.

Hatua ya 3. Mzigo ukikatwa, betri hupanda yenyewe hadi 12.2 bila jua lolote. Ukiweka LVR (volti ya kurudisha) 12.1, friji itawaka na kuzima mfululizo, na kompresa itaumia. Hata 12.6 hufikiwa mapema asubuhi paneli zinapoanza kuchaji, ilhali betri bado iko karibu na nusu. Mimi huweka 13.1. Paneli zikiwa ndogo na mawingu mengi, 12.8 inavumilika.

Betri za lithiamu usizipange hivi, kwa sababu volti zake hazishuki mpaka karibu na mwisho.

Hatua ya 4. Subiri mzigo ukatwe wenyewe usiku, uache betri itulie, kisha pima kabla jua halijachomoza. Ikisoma 12.4, unakata mapema: shusha LVD kwa 0.1. Ikisoma 12.0, ipandishe kwa 0.1, kisha rudia kipimo usiku mwingine.