Somo: Kuhakiki teoremu ya dayavajensi pande zote mbili (na sakafu ihesabiwe!)

Wakuu, habari za jioni. Wiki hii pekee nimetumiwa picha sita za daftari, zote zina swali moja: "Mbona pande mbili hazilingani?" Nimejibu nikiwa kwenye daladala, nimejibu nikisubiri kivuko cha Kamanga, sasa basi. Naandika mara moja. Atakayeniuliza tena namleta hapa.

Teoremu inasema hivi: ukijumlisha div F ndani ya umbo lote, unapata kiasi kilekile cha F kinachotoka kupitia ngozi yote ya umbo hilo. Kuhakiki maana yake ni kukokotoa kila upande peke yake, bila kuchungulia wa pili.

Umbo letu: chini ya z = 4 − x² − y², juu ya z = 0. Chukua bakuli, lifudikize juu ya sinia. Bakuli ni kuba, na ile sehemu ya sinia iliyofunikwa ni sakafu, duara lenye nusukipenyo 2. Uwanja wetu:

F = (x, y, z + 3)

1. Dayavajensi. 1 + 1 + 1 = 3.

2. Upande wa ujazo. Kwa kuwa div F ni 3 kila mahali, tafuta ujazo kisha zidisha kwa 3. Kwa koodineti za pola urefu ni 4 − r², na kipande cha eneo ni r dr dθ. Hiyo r ya mbele msiiache:

2π ∫ (4 − r²) r dr, kutoka 0 hadi 2 = 2π(8 − 4) = 8π

Mara 3 ni 24π. Iandike pembeni, funika kwa mkono.

3. Kuba. Vekta inayosimama kwa pembemraba juu ya kuba na kutazama nje, ikiwa imeshaunganishwa na kipande cha eneo, ni (2x, 2y, 1) dx dy. Usiigawe kwa urefu wake. Ule mzizi wa 1 + 4r² unaoutafuta umo pia ndani ya dS, na hiyo miwili inafutana. Ukiona mzizi huo umebaki kwenye integrali yako, umegawa mahali pamoja na kusahau pengine.

Kwenye kuba z si herufi huru tena, ni 4 − r². Kwa hiyo zao nukta ni 2x² + 2y² + (4 − r²) + 3 = r² + 7. Integrali:

2π ∫ (r² + 7) r dr = 2π(4 + 14) = 36π

4. Sakafu. Hapa ndipo nilipoangukia mwaka wa pili, kwenye jaribio. Nilikuwa na 24π upande wa ujazo na 36π upande wa uso, dakika kumi zimebaki. Nikaamini 36π kwa sababu kazi yake ilikuwa ndefu zaidi, nikafuta ujazo wangu uliokuwa sahihi na kuupika upya mpaka utoe 36π. Msahihishaji alichora duara jekundu, akaandika neno moja: "Chini?"

Teoremu inataka uso uliofungwa. Kuba peke yake ni bakuli lisilo na sinia. Na kwenye sakafu, nje ni CHINI, kwa hiyo vekta ni (0, 0, −1). Wengi wanaikumbuka sakafu halafu wanaiwekea +1 kwa mazoea ya kuba. Hapo z = 0, basi F ina sehemu ya wima 3, zao nukta ni −3, na eneo ni 4π. Jumla: −12π. Alama ya kutoa ina maana: uwanja unaelekea juu, kwa hiyo kupitia sakafu unaingia, hautoki.

36π − 12π = 24π. Inua mkono, linganisha.

Kosa lako linajitaja lenyewe. Ukipata 36π, hukuhesabu sakafu. Ukipata 48π, sakafu umeigeuza juu. Ukipata 32π upande wa ujazo, umeacha r.

Maswali chini. Someni kwanza.

---

Dagaa_Mchele: Mkuu mi napata 32π kwenye ujazo, au teoremu haifanyi kazi kwa bakuli?

Mwandishi: Mstari wa mwisho kabla ya "Maswali chini".

Dagaa_Mchele: Nimeona. Samahani.

Kijana wa Igoma: Unatukuzia mambo. Kwenye notsi zetu kuna umbo hilihili, F = (x, y, z), mwalimu hakugusa sakafu kabisa na jibu likatoka 24π. Hiyo sakafu yako ni mbwembwe.

Mwandishi: Kaka, mwalimu wako aliigusa, ila ilitoa sifuri. Kwa F = (x, y, z), sehemu ya wima pale z = 0 ni 0, basi hakuna kinachopita. Kuba peke yake inatoa 2π(4 + 8) = 24π na kila mtu anaenda nyumbani akiamini sakafu haina kazi. Ndiyo maana mimi nimeongeza 3. Haibadilishi div hata kidogo, lakini inamfichua aliyeruka hatua. Sifuri uliyoikokotoa na sifuri uliyoisahau zinafanana mpaka siku ya mtihani.

Binti Nyegezi: Kaka shikamoo. Nimeona hiyo 3 iliongeza 12π kwenye kuba na kupunguza 12π kwenye sakafu. Ni bahati au ni kanuni?

Mwandishi: Marahaba, mdogo wangu. Ni kanuni, na umeiona mwenyewe. Uwanja usiobadilika, (0, 0, 3), unaoelekea juu hauoni mviringo wa kuba. Unaona kivuli chake tu, yaani duara la chini lenye eneo 4π. Kinachoingia sakafuni ndicho kinachotoka juu. Hivyo kabla ya kuanza hesabu ngumu, jaribu vekta zako za nje kwa uwanja usiobadilika: jumla ya uso wote lazima iwe 0. Isipokuwa 0, kuna uso umeusahau au umegeuza alama. Inachukua dakika moja.

Binti Nyegezi: Na kuna uwanja ambao pande mbili zinakataa kabisa, hata ukifanya kila kitu sawa?

Mwandishi: Upo. Chukua F = R/|R|³, R ikiwa (x, y, z), kwenye tufe lenye nusukipenyo a na kitovu kwenye asili. Juu ya uso zao nukta ni 1/a², eneo ni 4πa², jibu 4π. Ukikokotoa div unapata 0. Kosa haliko kwenye hesabu: kwenye asili uwanja huo hauna thamani, na teoremu inadai uwe na derivativu zinazoendelea bila kukatika ndani kote. Toboa tufe dogo katikati. Sasa umbo lina kuta mbili, na kwenye ukuta wa ndani "nje" ni kuelekea asili, kwa hiyo hapo unapata −4π. Jumla 0, sawa na ujazo. Ni mtego uleule wa sakafu.

Mzee wa Mwaloni: Nyongeza ndogo. Ujazo wa kuba hii ni nusu ya silinda inayoizunguka, kitu ambacho Arkimedi alikithibitisha zamani. Silinda ni 4π × 4 = 16π, nusu 8π. Vijana wangehakiki hatua ya 2 bila integrali.

Mwandishi: Asante mzee, hiyo naihamishia juu.

Dagaa_Mchele: Mkuu, sasa ujazo umekubali 24π, ila uso napata 48π.

Mwandishi: Hatua ya 4. Neno lililoandikwa kwa herufi kubwa.