Tyubu moja, mama na mtoto: jinsi ya kuchagua nguvu ya steroidi ya kupaka, mahali pake na siku zake

Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya hapa Kadutu, Bukavu. Nitawaeleza hatua ninazofuata kila mtu anapoleta pomadi ya steroidi mezani kwangu. Nitazionyesha kwa mama mmoja muuza samaki aliyekuja na mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu. Wote wawili walikuwa na ekzema. Mama, kwenye viganja vilivyokuwa vimekauka na kupasuka kwa maji na sabuni ya kila siku. Mtoto, kwenye mashavu na nyuma ya magoti. Wote wawili walikuwa wakipakwa tyubu moja, mara mbili kwa siku, kwa miezi miwili.

Nilipouliza nani aliwaandikia dawa hiyo, mama alijibu: "Dokta, ni ile tu bananiuzishaka kwa farmasi."

Hatua ya 1: Hakikisha ugonjwa ni wa steroidi

Steroidi hutuliza ngozi iliyovimba na kuwasha. Haiui ukungu wala wadudu. Choa kikipakwa steroidi huacha kuwasha kwa siku chache, mgonjwa hufurahi, kumbe ukungu unaenea chini kwa chini na ile duara yake hupotea, hata anayeangalia baadaye hawezi kuutambua. Kwa hiyo ukiona duara lenye ukingo ulioinuka huku katikati pametulia, acha kwanza. Vivyo hivyo ukiona mikwaruzo katikati ya vidole na nyumba nzima inajikuna usiku, fikiria upele.

Angalia sana zile pomadi zenye dawa tatu ndani: betametazoni, dawa ya ukungu na antibiotiki. Watu huzinunua kama dawa ya kila kitu, hawajui kwamba ndani mna steroidi yenye nguvu.

Hatua ya 2: Soma jina, usisome asilimia

Hapa ndipo wengi wanapopotea, wauzaji wa dawa pia. Tyubu ya mama yule iliandikwa 0,05%. Alikuwa ameiona nyingine ya 1% akaiacha, akidhani hiyo ndiyo kali na itamuumiza mtoto. Kwa kweli ni kinyume. Ile ya 1% ilikuwa haidrokotizoni, dhaifu kuliko zote. Ya 0,05% ilikuwa klobetasoli, kali kuliko zote. Asilimia inakuambia kiasi cha dawa kilichochanganywa kwenye pomadi, haikuambii nguvu ya dawa yenyewe. Ni kama kusema kijiko cha pilipili ni kidogo kuliko kikombe cha nyanya, basi pilipili haitawasha.

Nguvu za steroidi hizi hulinganishwa tangu mwaka 1962 kwa kuzipaka kwenye ngozi isiyo na ugonjwa na kutazama inavyopauka, kwa sababu dawa hubana mishipa midogo ya damu. Kutokana na kazi hiyo, mimi hutumia ngazi nne tu:

- Dhaifu: haidrokotizoni 1%.
- Ya wastani: klobetasoni butireti 0,05%.
- Yenye nguvu: betametazoni 0,05% au 0,1%, na mometazoni 0,1%.
- Kali sana: klobetasoli propioneti 0,05%.

Angalia ya pili na ya mwisho. Majina yote mawili huanza na herufi C kwenye boksi, yote ni 0,05%, na tofauti ni herufi chache tu mwishoni mwa jina. Klobetasoni na klobetasoli ziko mbali sana kwa nguvu. Soma jina lote mpaka mwisho, kwa sauti ikibidi.

Usitegemee namba za madaraja pia. Mpango wa Amerika huita daraja la 1 lile lililo kali kuliko yote, na mpango wa Shirika la Afya Duniani huita kundi la 1 lile lililo dhaifu. Mtu akikuambia "ni daraja la kwanza", muulize jina la dawa.

Hatua ya 3: Panga nguvu kulingana na mahali

Ngozi ya mwili wetu haina unene mmoja. Mwaka 1967 Feldmann na Maibach walipaka haidrokotizoni sehemu mbalimbali za mwili na kupima kiasi kilichopenya. Wakichukua mkono wa mbele kuwa 1, wayo ulipitisha kama sehemu ya saba tu ya kiasi hicho. Paji la uso lilipitisha mara 6, taya mara 13, na mfuko wa korodani mara 42. Mimi nikishika namba hizi kichwani, mengine yote hujieleza.

Viganja na nyayo huvumilia dawa yenye nguvu, hata kali sana, na mara nyingi dhaifu haifiki kabisa. Mikono, miguu, tumbo na mgongo wa mtu mzima huvumilia yenye nguvu. Makunjo, yaani kwapa, kinena na chini ya matiti, yapewe dhaifu au ya wastani, maana pale ngozi inagusana na ngozi na jasho linaifunika dawa kama kifuniko cha sufuria. Uso uanze na dhaifu. Kope nazo ni dhaifu tu, siku chache, kwa uangalifu: dawa ikizoea kuingia jichoni huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho.

Kwa mtoto mdogo shuka ngazi moja. Ngozi yake ni nyembamba, na eneo la ngozi yake ni kubwa ukililinganisha na uzito wake, kwa hiyo dawa nyingi zaidi huingia kwenye damu. Chini ya pampasi ni hatari zaidi, kwa kuwa plastiki huisukuma dawa ndani.

Basi tyubu ile moja ilikuwa sahihi kwa viganja vya mama, na ilikuwa mbaya kabisa kwa mashavu ya mtoto. Nilimpeleka mtoto dirishani nikayatazama mashavu kwa karibu. Yalikuwa yanang'aa kama karatasi laini, rangi imepungua kuliko kwenye paji la uso, na vimishipa vyembamba kama nyuzi vilionekana. Nilipoivuta ngozi kidogo kwa vidole viwili ilijikunja mikunjo midogo sana, kama ya mzee. Hiyo ni ngozi iliyoanza kuliwa na dawa. Ikigunduliwa mapema hurudi kwa miezi. Ile michirizi ya mapajani na kwapani ndiyo isiyofutika tena.

Hatua ya 4: Pima kwa kidole

"Paka kidogo" si kipimo. Kamua mstari wa pomadi kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima mpaka mkunjo wa kwanza. Hiyo ni karibu nusu gramu, na inatosha kupaka eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Kwa mtoto pia tunapima kwa kidole cha mtu mzima.

Mama alihitaji kipimo kimoja kwa kila mkono, ndani na nje. Jumla gramu 1 kwa siku. Kwa siku 14 ni gramu 14, yaani tyubu moja ya gramu 15. Mashavu ya mtoto yalihitaji nusu ya kipimo, na nyuma ya magoti yote mawili kipimo kimoja. Ni kama robo tatu ya gramu kwa siku, kwa hiyo tyubu ya gramu 15 ya haidrokotizoni ilimtosha na kubaki.

Hesabu hii ina faida nyingine. Mtu akikuambia anamaliza tyubu ya gramu 30 ya klobetasoli kila wiki kwa doa la ukubwa wa kiganja, ujue anapaka mahali pengine ambapo hajakuonyesha. Muulize taratibu, bila kumwaibisha. Mara nyingi ni uso, kwa ajili ya kung'arisha rangi. Kwa mtu mzima klobetasoli isizidi gramu 50 kwa wiki kwa vyovyote.

Mara moja kwa siku inatosha, jioni baada ya kuoga. Vazelini au mafuta ya ngozi yapakwe wakati mwingine, na hayo hata mara nyingi.

Hatua ya 5: Weka siku, na ujue alama ya kuacha

Kali sana: wiki 2, usipite. Yenye nguvu mwilini: wiki 2 mpaka 4. Makunjoni: wiki 1 mpaka 2. Usoni: siku 5 mpaka 7 kwa dhaifu. Ukifika mwisho na ngozi haijapona, usiongeze nguvu wala siku kabla ya kurudi hatua ya 1 na kujiuliza tena kama kweli ni ekzema.

Lakini usiache mapema kwa woga pia. Anayepaka siku mbili, akaacha, akapaka tena, hubaki na ekzema mwaka mzima na mwishoni hutumia dawa nyingi zaidi.

Sasa neno ambalo nataka mlishike. Kwenye ngozi yetu nyeusi, ekzema mara nyingi haionekani nyekundu. Huonekana nyeusi zaidi au ya kijivu, na ikipona huacha alama nyeusi au nyeupe kwa wiki nyingi, hata miezi. Alama hiyo si ugonjwa, na steroidi haiiondoi. Watu wengi wanaendelea kupaka ili kufuta alama, na hapo ndipo siku 7 zinapogeuka kuwa miezi. Kwa hiyo simwambii mtu apake "mpaka iishe". Namwambia afumbe macho, apitishe kidole. Kama ngozi haikwaruzi na haiwashi, dawa imemaliza kazi.

Mtoto nilimhamishia haidrokotizoni siku ile ile, nikamwonya mama kwamba mashavu yanaweza kuwaka kwa siku chache kwa kuikosa ile kali, asirudi nyuma. Niliweza kufanya hivyo kwa sababu eneo lilikuwa dogo. Angekuwa amepakwa mwili mzima kwa miezi, au uso umevimba mviringo na hakui vizuri, nisingemkatisha dawa ghafla. Ningempeleka kwa daktari, maana tezi zilizo juu ya figo huenda zimelala, na mwili unaweza kuzimia kwa homa ndogo tu.

Siku ya 8 walirudi. Mashavu yalikuwa makavu kidogo na meupe. "Dokta, alama ingali pale," mama akaniambia, akiwa na tyubu mkononi. Nilishika kidole chake nikakipitisha kwenye shavu la kushoto, kisha paji la uso, kisha shavu tena. Palikuwa sawa. Aliifunga tyubu ya mtoto. Nyuma ya goti la kulia bado palikwaruza, basi hapo tulipaka siku 4 zaidi. Viganja vya mama vilifunga siku ya 12. Tangu hapo anapaka betametazoni Jumamosi na Jumapili tu, pale panapopasukaga, na anavaa glovu zenye kitambaa ndani anapoosha samaki.